Nina alama 4 nimeongezwa 4%, kijana wa alama 3 kaongezwa 6%. Hili jedwali limekaaje?

Mzee wa Kibada
Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie jambo moja maana usingizi umegoma tangu juzi.

Mimi ni msimamizi wa ghala kwenye kampuni binafsi hapa Dar, mwaka wa tisa sasa. Mshahara wangu ni 2,250,000. Mwaka huu tathmini yangu imetoka alama 4 kati ya 5, na bosi wangu aliniambia kwa mdomo wake kwamba kwenye kitengo chetu wenye 4 tuko wachache. Barua ya nyongeza imekuja: 4%, yaani elfu 90 kwa mwezi.

Kuna kijana tunafanya naye kazi ileile, zamu tofauti, cheo kimoja, daraja moja. Aliingia mwaka jana na mimi ndiye niliyemfundisha kupokea mzigo na kuhesabu stoo. Anapata 1,650,000, tathmini yake alama 3. Alinionyesha barua yake mwenyewe akiwa anafurahi, hana ubaya: 6%, ambayo ni elfu 99.

Kwa hiyo aliyefanya vizuri kapata elfu 90 na aliyefanya wastani kapata elfu 99. Nilipouliza utumishi wakanitumia jedwali hili wakasema "mfumo ndio umetoa". Daraja letu linaanzia 1,600,000 hadi 2,400,000, katikati yake ni 2,000,000, na wameligawa robo nne.

| Alama | Robo ya 1 (1.6–1.8m) | Robo ya 2 (1.8–2.0m) | Robo ya 3 (2.0–2.2m) | Robo ya 4 (2.2–2.4m) |
|---|---|---|---|---|
| 5 | 10% | 8.5% | 7% | 5% |
| 4 | 8% | 7% | 5.5% | 4% |
| 3 | 6% | 5% | 4% | 2.5% |
| 2 | 2% | 1% | 0 | 0 |
| 1 | 0 | 0 | 0 | 0 |

Swali langu: hili ni jambo la kawaida au nimepigwa?

Fundi Bati
Umepigwa mzee wangu, tena mchana kweupe. Hiyo ni mbinu ya kuwachosha wazee waondoke wenyewe ili wasilipwe kiinua mgongo. Angalia hilo jedwali: ukienda kulia asilimia zinashuka. Maana yake alama yako haina kazi yoyote, wanachoangalia ni mshahara wako tu.

Mwalimu wa Zamu
Pole sana mkuu. Hata sisi huku tumeumizwa. Mimi ni mwalimu wa serikali, nipo daraja la mshahara TGTS D tangu 2019, wenzangu tulioajiriwa pamoja wamepanda daraja, mimi faili linazunguka tu. Halafu Mei Mosi ya 2022 ikatangazwa 23.3% watu tukaanza kupiga hesabu za mabati, kumbe ile ni ya kima cha chini, sisi wa juu tukaongezewa kidogo. Mwaka 2025 tena ikatangazwa 35.1%, kima cha chini kikatoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai. Nauliza, kwa jedwali hili la mkuu, mtu wa D4 anaangukia robo ya ngapi?

Mama Mishahara
Mwalimu, pole, ila hilo jedwali halikuhusu. Kwenu D1, D2, D3 ni ngazi: kila ngazi ina mshahara wake ulioandikwa, unapanda hatua moja au hupandi. Kampuni ya mzee haina ngazi. Ina sakafu na dari, na katikati mtu anaweza kusimama kwenye shilingi yoyote. Ndiyo maana wanahitaji jedwali la kuamua ataongezwa kiasi gani.

Mzee wa Kibada, shikamoo. Nimekaa kwenye kitengo cha mishahara miaka 14, kampuni tatu tofauti, na majedwali ya aina hii nimeyaandaa kwa mikono yangu. Ninavyoona, hujapigwa na jedwali. Lakini inawezekana kabisa kuna sehemu nyingine umepigwa, na hiyo nitakuuliza mwishoni.

Anza na ile 2,000,000 ya katikati. Haikuwekwa pale kwa sababu ni nusu ya njia. Mtu aliyelipanga daraja alitakiwa kuangalia soko linamlipa kiasi gani msimamizi wa ghala anayeijua kazi yake vizuri, kisha akaiweka ile namba katikati. Kushoto kwake ni wanaojifunza bado, au walioajiriwa kwa bei rahisi. Kulia ni wanaolipwa juu ya soko, na hiyo inatakiwa iwe kwa sababu wamekuwa bora kwa muda mrefu. Wewe upo kwenye 2,250,000, yaani asilimia 112.5 ya katikati. Kijana yupo kwenye asilimia 82.5. Kampuni inaposoma namba hizo inaona kwamba ubora wako umeshalipwa kwenye mshahara wenyewe, kila mwezi, na yeye bado anadai.

Sasa chukua watu wawili wenye alama 4 wote, mmoja ana 1,650,000 na mwingine 2,250,000. Kazi moja, ubora mmoja, tofauti yao ni laki 6. Ukiwapa wote 5.5% tofauti inakua hadi 633,000. Kwa jedwali lenu, wa chini anapata 8% anafika 1,782,000, wa juu anapata 4% anafika 2,340,000, tofauti inabaki 558,000. Inapungua. Hiyo ndiyo kazi ya kuteremsha asilimia kuelekea kulia: watu wenye utendaji mmoja wasogee kuelekea mahali pamoja.

Ndugu Fundi Bati, upo sahihi kwamba nafasi kwenye daraja inakula asilimia. Lakini kusema alama haina kazi si kweli. Usimlinganishe mzee na kijana, maana wapo kwenye safu mbili tofauti. Shuka na safu yake mwenyewe. Mtu wa 2,250,000 mwenye alama 3 amepata 2.5%, ambayo ni 56,250. Mzee kapata 90,000. Alama yake imemletea 33,750 kwa mwezi zaidi, na inaingia kwenye mshahara wa msingi, kwa hiyo mwakani ipo, na NSSF inakatwa juu yake.

Swali langu kwako mzee: hizo namba za daraja, 1.6 hadi 2.4, zimewekwa lini? Usinijibu "mwaka huu wametuma". Nauliza zilisogezwa mara ya mwisho lini.

Fundi Bati
Dada umeongea vizuri ila mtu akikuambia "umeshalipwa" wakati mchele umepanda, hiyo ni lugha ya mwajiri.

Otis wa Nakuru
Sisi huku tuko na chama na mkataba, kila mtu anaongezwa asilimia sawa, hakuna mambo ya robo. Mnajisumbua bure, ingieni chama.

Mama Mishahara
Otis, asilimia sawa kwa wote ina uzuri wake, hakuna anayekosa usingizi kwa barua ya jirani. Ila mwambie aliyeajiriwa kwa bei ya chini asubiri amfikie wa juu kwa asilimia sawa. Hatamfikia hadi anastaafu, kwa sababu pengo linaongezeka kila mwaka kama nilivyoonyesha hapo juu. Hata hivyo, hapa Tanzania kampuni yenye mkataba wa hali bora inaweza kutoa nyongeza ya jumla kwanza, halafu hili jedwali likagawa kilichobaki. Si lazima uchague moja.

Mzee wa Kibada
Marahaba dada. Nimesoma mara mbili. La safu yangu nimelielewa, ingawa moyo haujakubali. Kuhusu daraja, nimepekua barua zangu za zamani. Barua ya Julai 2022 inasema daraja ni 1,600,000 hadi 2,400,000. Ya 2023 hivyohivyo. Ya 2024 hivyohivyo. Ya mwaka huu hivyohivyo.

Mama Mishahara
Hapo sasa. Kaa chini mzee, tupige hesabu.

Soko halisimami. Kampuni nyingine zinaongeza, kwa hiyo bei ya msimamizi wa ghala wa mwaka 2022 siyo ya 2025. Kampuni makini inalisogeza daraja lote kila mwaka au kila miaka miwili: sakafu, katikati na dari vyote kwa asilimia ileile. Kulisogeza hakumwongezei mtu shilingi, isipokuwa aliyeachwa chini ya sakafu. Kinachobadilika ni mahali mtu anaposomeka kwenye jedwali.

Tuseme soko lenu limekuwa likisogea 3% kwa mwaka. Mfumuko wa bei wa Tanzania miaka hii umekuwa kwenye 3 na kitu, na ingawa mishahara ya soko na bei za sokoni ni vitu viwili, kwa mfano huu 3% inatosha. Miaka mitatu mfululizo, katikati ingetoka 2,000,000 ikafika karibu 2,185,000. Sakafu ingekuwa karibu 1,748,000 na dari karibu 2,622,000.

Wewe na 2,250,000 yako ungekuwa wapi? Robo ya 4 ingeanzia 2,404,000. Kwa hiyo ungekuwa robo ya 3, na alama 4 kwenye robo ya 3 ni 5.5%, yaani 123,750 badala ya 90,000. Umepoteza 33,750 kila mwezi, na si kwa sababu ya kijana wala alama. Wamekulinganisha na soko la miaka mitatu iliyopita wakakuona unalipwa juu mno.

Na huyo kijana unayemwonea gere? Yeye ndiye kapigwa zaidi. Kwa daraja lililosogezwa, 1,650,000 ipo chini ya sakafu. Kwanza wangempandisha hadi karibu 1,748,000 ndipo nyongeza ifuate. Kwa 6% yake anayoifurahia amefika 1,749,000, yaani nyongeza yake yote ya mwaka imemfikisha mlangoni tu.

Dalili ya ugonjwa huu ni rahisi kuiona. Daraja likisimama na watu wakiendelea kuongezwa, wote wanahamia kulia. Baada ya miaka michache nusu ya kampuni ipo robo ya 3 na ya 4, nyongeza zinakuwa 2.5 na 4, watu wananung'unika, na utumishi wanasema "mfumo ndio umetoa". Hawadanganyi. Mfumo umetoa kweli, kutoka kwenye namba zilizochakaa.

Kalamu na Daftari
Mimi ni mhasibu, naongeza kitu kidogo ambacho watu wa utumishi huwa hawakipendi. Jedwali lenyewe linawekwa hivi kwenye Excel. Mshahara uko B, alama C, katikati ya daraja E. Jedwali liko H3 hadi K7, alama 5 hadi 1 ziko G3 hadi G7, na juu yake kwenye H2 hadi K2 umeandika 0, 0.9, 1, 1.1:

```
=INDEX($H$3:$K$7, MATCH(C2,$G$3:$G$7,0), MATCH(B2/E2,$H$2:$K$2,1))
```

Sasa angalia ukingoni. Mtu ana 2,199,000, alama 4. Mwenzake ana 2,200,000, alama 4. Wa kwanza yupo robo ya 3 anapata 5.5%, anafika 2,319,945. Wa pili kavuka mstari kwa shilingi elfu moja, anapata 4%, anafika 2,288,000. Aliyekuwa nyuma kamruka mwenzake kwa karibu elfu 32 na wote wana alama moja. Niliwahi kuwaonyesha wakubwa zangu hili wakasema ni bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya, walikuwa wanne mwaka huo.

Mama Mishahara
Mhasibu kasema kweli, hilo lipo. Namna tulivyolitibu sisi ni kumpa meneja nafasi ndani ya chumba: badala ya 4% kavu, chumba kinaandikwa 3.5 hadi 4.5, na cha jirani 4.5 hadi 6. Mtu aliye ukingoni anavutwa karibu na jirani yake. Kabla ya kutoa barua unapanga watu wa daraja moja wenye alama moja kwa mshahara mpya, na ukiona mtu karuka mtu, unasahihisha kwa mkono. Ubaya wake ni kwamba meneja mwenye upendeleo naye kapata pa kuupitishia.

Kalamu na Daftari
Na la pili, bajeti. Jedwali hujengwa kinyumenyume. Unapewa fungu, tuseme 5% ya mishahara yote, halafu unakisia wangapi watapata alama ipi na wapo robo ipi, ndipo unajaza vyumba mpaka jumla iingie ndani ya fungu. Mwaka mmoja kwetu tulikisia mtu mmoja kati ya wanne atapata 4. Mameneja hawakutaka lawama, karibu nusu ya watu wakapewa 4. Jedwali likapasuka. Fedha wakakata kila chumba kwa sehemu moja ya kumi kimyakimya, aliyeahidiwa 4% akakuta 3.6%.

Kwa hiyo mzee, ukiona barua yako ina asilimia ambayo haipo popote kwenye jedwali, jua kuna mkasi umepita. Yako ni 4% kamili, kwa hiyo huko mko salama.

Na tafadhali wanaopiga bajeti, msichukue wastani wa asilimia za watu. 10% ya mwenye 1,600,000 na 4% ya mwenye 2,300,000 hazina uzito sawa. Hivi:

```
=SUMPRODUCT(B2:B141,F2:F141)/SUM(B2:B141)
```

F ni asilimia ya kila mtu.

Dogo wa Mbagala
Samahani wakuu, mimi niliajiriwa Novemba, tathmini nikapata 3, nikapewa 1% tu wakati jedwali letu linasema 6. Na mimi nimekatwa mkasi?

Kalamu na Daftari
Dogo, mwaka wenu wa tathmini unaisha Desemba? Kama ndiyo, ulifanya kazi miezi 2 kati ya 12. 6% mara 2 gawa kwa 12 ni 1%. Umepewa sehemu yako. Kampuni nyingine aliyeingia baada ya Septemba hapewi kabisa.

Binti wa Pangani
Nimekuwa nasoma kimya ila naomba niseme kwa niaba ya huyo kijana, kwa sababu mimi niliwahi kuwa yeye.

Mama Mishahara anasema jedwali linawasogeza watu mahali pamoja. Sawa, lakini kwa mwendo gani? Nimepiga hesabu. Kijana yupo kwenye 0.825 ya katikati. Tuseme kila mwaka anapata alama 3, na daraja linasogezwa 3% kila mwaka kama mnavyotaka. Mwaka wa kwanza anaongezwa 6% lakini katikati nayo imekimbia 3%, anafika 0.849. Kisha 0.874. Kisha 0.899, ambayo bado ni robo ya kwanza. Mwaka wa nne 0.925, ameingia robo ya pili na sasa anaongezwa 5%. Baada ya hapo anatambaa: 0.943, 0.962, 0.980. Mwaka wa nane yupo 0.9994. Miaka minane kufika bei ya soko, na bado hajaigusa.

Miaka minane ya kulipwa chini ya soko kwa sababu siku ya usaili hakujua kujadiliana, au alikuwa ametoka kwenye kazi yenye mshahara mdogo wakauliza "ulikuwa unalipwa ngapi?" wakaongeza kidogo. Mimi niliingia hivyo. Kaka mmoja tuliyeajiriwa wiki moja aliingia kwenye robo ya 3. Nilimzidi alama miaka yote mitatu, na nilipoondoka bado alikuwa mbele yangu.

Fundi Bati
Haya sasa. Nilisema ni mbinu mkanibishia.

Mama Mishahara
Binti, hesabu yako nimeirudia na ni sahihi. Sitajifanya. Jedwali la nyongeza halikuundwa kutibu mshahara wa kuanzia uliokosewa, na kampuni nyingi zinalitegemea lifanye kazi hiyo kwa sababu fungu la pili hakuna. Dawa yake ni fungu la marekebisho, pembeni kabisa ya jedwali, la kumsogeza mtu mara moja. Linatakiwa litumike kwa mtu mwenye alama nzuri aliye chini ya 0.9 kwa zaidi ya miaka miwili. Nimefanya kazi kampuni tatu na ni moja tu iliyokuwa nalo.

Njia nyingine ni kupandisha zaidi vyumba vya kushoto, mfano alama 4 robo ya kwanza iwe 11 au 12. Lakini fungu ni lilelile, kwa hiyo utapunguza kulia, na Mzee wa Kibada atafungua uzi mwingine.

Binti wa Pangani
Au waache kuuliza mshahara wa zamani kwenye usaili.

Mama Mishahara
Hilo nakuunga mkono asilimia mia.

Msafiri wa Maskati
Mimi nipo Oman, kampuni ya mizigo. Huku jedwali linafanana na hilo, ila mtu wa robo ya 4 hapewi kwenye mshahara, anapewa mkupuo wa mara moja. Mwanzoni niliona vizuri, hela nyingi mkononi. Mwaka wa pili nikagundua mshahara wa msingi haujasogea hata kidogo, na malipo yangu ya mwisho wa kazi yanapigwa kwenye mshahara wa msingi. Mzee, kuwa macho na hilo.

Mzee wa Kibada
Ahsante Msafiri, hilo la mkupuo limenishtua, kwa sababu nimepiga hesabu ya mwakani. Baada ya nyongeza hii nipo 2,340,000. Mwakani nikipata tena 4 ni 4%, ambayo ni 93,600. Jumla 2,433,600. Dari ni 2,400,000. Zile 33,600 zinazozidi zinakwenda wapi?

Kalamu na Daftari
Ndiyo swali la kuwauliza. Kuna wanaozikata tu unabaki 2,400,000. Kuna wanaozilipa kwa mkupuo: 33,600 mara 12 ni 403,200, unapewa mara moja, na mwaka unaofuata haipo. Na wangekuwa wamesogeza dari kwa 3% ingekuwa 2,472,000, ungepita bila kugusa chochote.

Mama Mishahara
Mzee ukienda ofisini usitaje barua ya kijana, utamponza. Na usiseme "mbona mimi kidogo". Uliza vitu viwili: daraja lilisogezwa mara ya mwisho lini na kwa kulinganisha na soko lipi, na sheria ya anayegonga dari ni ipi, imeandikwa wapi.

Mzee wa Kibada
Nimerudi wakuu, siku sita zimepita. Nilikwenda jana. Nilimkuta mama wa utumishi na kijana mmoja wa fedha.

La kwanza walijibu bila kuzunguka: daraja liliwekwa 2022 na mtaalamu wa nje waliyemkodi, na tangu hapo halijaguswa kwa sababu mkataba wake uliisha na hakuna aliyepewa kazi hiyo. Mama wa utumishi alisema wafanyakazi wengi wa daraja letu sasa wapo robo ya 3 na 4, na walidhani ni kwa sababu sisi ni wakongwe. Nikamwambia ile hesabu ya dari ya 2,622,000. Akaiandika. Kijana wa fedha akasema kusogeza daraja kunaongeza gharama, mama akamjibu kwamba kulisogeza peke yake kunagharimu walio chini ya sakafu tu. Wakaanza kubishana wao kwa wao mimi nimekaa pale na chai yangu.

Barua yangu haibadiliki, 4% ndiyo imepita. Wameahidi kupeleka daraja jipya kwa wakurugenzi kabla ya bajeti ya mwakani. La dari hawana maandishi. Mama alisema "huwa tunatoa mkupuo", kijana wa fedha akasema "huwa tunakata".

Fundi Bati
Si nilisema.

Mama Mishahara
Mwandikie barua pepe leoleo mzee, kabla hawajasahau. Mshukuru kwa kikao, rudia aliyosema kuhusu daraja kwenda kwa wakurugenzi, halafu hilo la dari liandike kama swali na uwaweke wote wawili kwenye barua moja.

Binti wa Pangani
Na kijana wa 1,749,000, kuna aliyemtaja?

Mzee wa Kibada
Jina sikulitaja, kama dada alivyoshauri. Niliuliza tu kwamba daraja likisogezwa, walio chini ya sakafu wanapandishwa kabla ya nyongeza au nyongeza yenyewe ndiyo itahesabiwa kuwa imewapandisha. Wakatazamana. Hilo nalo naliweka kwenye barua pepe.